Picha Isiyotosha Fremu ya Mninga

Bi Tatu wa Gongoni haamini asali mpaka aiwashie kiberiti. Mrina akishuka na dumu lake kutoka misitu ya Tura, akiapa kwamba haijaguswa na maji, Bi Tatu humwacha aape mpaka koo limkauke. Kisha huchovya njiti ndani ya asali, huipangusa kidogo, huikwaruza. Ikiwaka, mrina hupewa kiti na kikombe cha chai. Ikigoma, hata kwaheri hapati. Kwa miaka aliyouza asali soko kuu la Tabora amejifunza jambo moja tu kuhusu binadamu: kwamba huchanganya. Mmoja atatia maji, mwingine sukari guru, na asiye na asali kabisa atachanganya maneno.

Sasa mtu wa namna hiyo ukamwandikie barua ya kumwambia kwamba jambo analolitaka haliwezekani! Silasi mpiga picha alikuwa na moyo, jamani.

Kisa chenyewe kilianzia kwa marehemu mume wake, Mzee Adinani, fundi seremala ambaye nusu ya milango ya Gongoni imetoka mikononi mwake. Mzee Adinani alikuwa mcheshi, mkarimu, na mkaidi wa kupigwa picha. Ukimwinulia kamera aligeuka, au aliinua kiganja, au alikumbuka ghafla kwamba ameacha gundi jikoni inachemka. Si kwamba aliona haramu. Picha ya kitambulisho alipiga kama watu wengine, ikatoka kama ya mtu aliyekamatwa na ngozi ya chui. Alisema tu kwamba uso wake ameshauzoea yeye na wake zake, wengine wa nini.

Naam, wake zake. Alikuwa nao wawili. Bi Tatu, mkubwa, wa mjini; na Nyamizi, mdogo, aliyekaa Igalula karibu na stesheni, akilima na kuuza mchele. Bi Tatu hakuwahi kugombana na Nyamizi kwa sababu hakuwahi kuzungumza naye. Hata jina hakulitamka. Ikimlazimu alisema "yule wa relini," akafunga mdomo.

Alipoolewa binti yake, Shamila, Bi Tatu alimkodi Silasi kwa kuwa alisikia ni Mmoraviani asiyekunywa. Silasi alifanya kazi yake. Albamu ilikuja nzito, maharusi wanang'aa, mapilau yanafuka. Ila Mzee Adinani ndani ya albamu ile alikuwa mgongo. Huku mgongo wa kanzu, kule kisogo na kofia, pale kiganja kimefunika uso. Watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Masika yalipoanza akaugua kifua, na kabla mvua hazijakatika wakamzika.

Wajane wawili wakakaa eda, kila mmoja kwake. Hapo ndipo Bi Tatu alipogundua kitu kilichomtisha kuliko giza la kaburi. Sauti ya mume wake aliikumbuka. Mikono yake aliikumbuka, hadi kovu la patasi. Lakini uso ulikuwa unaanza kumponyoka. Akifumba macho aliona kofia, chini yake pamejaa ukungu. Alikuwa amekaa na mtu umri mzima na sasa hana pa kumtazama, maana kile kitambulisho kilikuwa na yule mwizi wa ngozi tu, hakikuwa na Adinani.

Basi eda ilipokwisha ikamjia picha. Shamila, aliyeolewa Tura, alimtumia kwenye simu bila maelezo. Ni siku ya harusi. Mzee Adinani yuko uani, kofia kichwani, amekaa kwenye mkeka, mdomo wazi, anacheka! Anaitazama kamera moja kwa moja na kucheka kwa moyo wote. Bi Tatu alipiga yowe mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

"Umeipata wapi?" alimuuliza binti yake kwa simu.

"Imezunguka tu mama, si unajua picha za harusi," alijibu Shamila, na haraka akauliza habari za mbuzi.

Bi Tatu aliweka jibu lile kando, kama anavyoweka dumu lenye harufu asiyoielewa. Ila hakulisahau.

Nyuma ya mlango wa chumbani palikuwa na fremu tupu ya mninga. Mzee Adinani aliichonga kwa ajili ya kioo kikubwa cha sebuleni, akaichora majani pembe zote, na kioo chake kilivunjika wakati wa msiba watu walipokuwa wanahamisha viti. Bi Tatu akaipangusa, akaibeba kichwani hadi kwa Silasi karibu na stendi, akamwonyesha simu, akasema, "Mtie huyu humu, ajae."

Silasi aliitazama picha. Akaitazama fremu. Akaitazama picha tena, na Bi Tatu akaona kitu usoni mwake. Si mshangao. Ni kama mtu aliyekutana na anayemjua mahali asipomtarajia.

"Mama Shamila," alisema, "hii ni ndogo. Haiwezi kuwa kubwa hivyo."

"Ndogo vipi? Nikiivuta hapa inakuwa kubwa."

"Kwenye simu ndiyo, lakini—"

"Aliyeipiga hana kamera ya begani kama wewe na amempata. Wewe ulimpiga kisogo. Ndiyo inayokuuma?"

Silasi alijaribu kueleza. Bi Tatu alikwishaitwaa fremu yake. Alipigiwa simu, hakupokea. Akapigiwa tena, akaizima. Ndipo Silasi akakaa chini akaandika barua, akampa mwendesha bodaboda aifikishe mkononi. Bi Tatu alivaa miwani, akaisoma akiwa amesimama, kwa kuwa barua ya kukaa nayo chini ni ya mtu unayemwamini.

"Mama Shamila, shikamoo.

"Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu umeukataa, na una haki. Mimi ndiye niliyelipwa kumpiga picha mzee, nikapata kisogo. Kila nilipoinua kamera aligeuka. Hilo ni la kwangu na linaniuma.

"Lakini sababu ya kukataa si wivu. Picha yoyote ya simu ni nukta ndogo ndogo za rangi zilizopangwa mistari, kama punje za ulezi ulizozianika kwenye ungo. Picha uliyoniletea ina nukta mia saba na ishirini kwa upana na mia tano na arobaini kwa kimo. Basi. Fremu yako nimeipima siku ile: inchi thelathini na sita kwa ishirini na saba. Nikizitandaza punje hizo humo, kila inchi moja itapata ishirini tu, na kila nukta itaonekana kwa macho kama punje yenyewe ya ulezi. Uso wa mzee utakuwa viraka. Picha ya kutazamwa ukutani, hata nikijibana sana, inataka nukta mia moja kwa kila inchi. Hiyo uliyonayo itatoka vizuri ikiwa ukubwa wa kiganja, si zaidi.

"Kwenye simu inapendeza kwa sababu kioo chenyewe ni kidogo. Na ukiivuta kwa vidole huongezi kitu, unazisogeza tu karibu na jicho punje zilezile.

"Wako watakaokuambia wanaweza kuikuza kwa mashine ikawa safi. Mama, wewe ni muuza asali. Ukiwa na kijiko kimoja cha asali na dumu tupu, unaweza kulijaza dumu. Lakini utakuwa umejaza nini? Mashine isipoona jino, hubuni jino. Isipoona jicho, huweka jicho la mtu mwingine.

"Picha hii si yenyewe. Ilibandikwa kwenye stetasi, na mtandao ulipoipokea uliifinya ili iwe nyepesi. Kisha mtu akakipiga picha kioo cha simu yake. Umepata kivuli cha kivuli. Ile yenyewe, ikiwa haijafutwa, imo ndani ya simu iliyoipiga, na simu za siku hizi hupiga nukta elfu nne kwa elfu tatu. Hiyo inatosha fremu yako. Aitume kwangu, ila asiitume kama picha, maana itafinywa tena. Abonyeze alama ya pini, achague hati, aitume kama hati, itafika nzima. Namba yangu iko hapo chini.

"Mwenye simu hiyo alisimama bega kwa bega nami siku ile. Jina lake si langu kulitaja. Usinichukie kwa hilo. Wako, Silasi."

Bi Tatu alimaliza, akairudia. Mara ya pili ndiyo ilimwasha moto.

Kwanza, dumu. Kijiko kimoja cha asali na dumu tupu! Huyu kijana ananiambia mimi nachanganya? Pili, hao "watakaokuambia" ni akina nani kama si wenzake anaoogopa wampokonye kazi? Mfanyabiashara akikukataza duka la jirani, jua duka la jirani ni rahisi. Tatu, hesabu zote hizo. Bi Tatu alijua hesabu hutolewa lini: ni pale mtu anapotaka usiulize. Na la nne lilikuwa lile la mwisho, la bega kwa bega na jina lisilotajika. Hilo alilipitia haraka, kama mtu anavyopita kwenye mlango wa nyumba yenye mbwa.

Akakunja barua, akaitia ndani ya kopo la sukari, akaenda kwa Sabiri.

Sabiri alikuwa na duka la kuchapa mabango na kadi, ukuta mzima umejaa nyuso za wagombea na za bibi harusi. Hakutazama mara mbili. "Mama, hii ndogo sana. Nakutengenezea HD, utamwona mpaka vinyweleo."

"Unasikia?" Bi Tatu aliiambia barua iliyoko nyumbani. "Mpaka vinyweleo."

Sabiri aliiingiza picha kwenye kompyuta, akabonyeza huku na huko, duara likazunguka kwenye kioo. Kesho yake bango likatoka, likatiwa ndani ya fremu ya mninga, likajaa hasa, pembe kwa pembe. Liling'aa. Bi Tatu alilitazama dukani, macho yamejaa machozi, na machozi, kama tunavyojua, hayasaidii kuona. Akalileta nyumbani, wakalitundika sebuleni.

Jioni alitoka kuoga, akapita sebuleni kwenda chumbani, khanga begani. Alipofika katikati ya sebule mkono wake ukainuka wenyewe, ukavuta khanga, ukafunika nywele.

Akasimama.

Ndani ya nyumba yake. Peke yake. Mlango umefungwa. Kwa nini amejitanda? Akageuka polepole. Yule bwana ukutani alikuwa anacheka kwa meno meupe, yote yamepangwa kama sabuni dukani. Adinani alikuwa na jino la mbele lililomeguka kwa kung'atia misumari. Yule bwana alikuwa na macho mawili sawasawa. Adinani jicho la kushoto lilikuwa limelegea kidogo, kama lina usingizi wake binafsi. Ngozi haikuwa na mkunjo hata mmoja. Na kofia! Kofia ile Bi Tatu aliidarizi kwa mkono wake, tundu kwa tundu, na pale juu ya bango palikuwa na mikwaruzo tu, kama kuku amepita.

Mwili ulikuwa umejua kabla ya macho. Mwanamume mgeni alikuwa sebuleni, naye alikuwa karibu kumpita na nywele wazi.

"Wewe ni nani?" alimuuliza kwa sauti, na alisikia uchungu mkubwa, kwa sababu alijaribu pale pale kumkumbuka wa kweli na huyu wa uongo akamtangulia. Alikuwa anakaa mahali pa mwenyewe! Bi Tatu akalishusha bango kwa nguvu zilizomshangaza, akaligeuza uso ukutani, akaliwekea na mto wa kiti.

Asubuhi alilitoa kopo la sukari. Safari hii aliisoma barua akiwa amekaa. Mashine isipoona jino, hubuni jino. Kijana aliandika "jino" kabla hajaambiwa habari ya jino. Basi alikuwa amemtazama mzee vizuri, kisogo au si kisogo. Njiti ya Silasi imewaka, akakiri kwa shingo upande. Lakini kuwaka kwake hakukumaliza jambo. Kulilifungua. Ikiwa yote mengine ni kweli, basi na lile la mwisho ni kweli: mtu alisimama bega kwa bega naye, na mtu huyo Silasi anamficha.

Akaenda studio.

"Nani?" aliuliza, hata salamu hakungoja.

Silasi aliweka chini kitambaa cha kufutia lenzi. "Shikamoo mama. Muulize Shamila."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakuomba umuulize Shamila. Mambo ya familia ya watu, mama, mpiga picha huona mengi, lakini halipwi kuyasema."

Bi Tatu alimpigia binti yake palepale, mbele ya studio, pikipiki zinapita. Shamila alianza na mbuzi. Bi Tatu akamkata. "Shamila. Mbuzi wazima. Picha ya baba yako nani kaipiga?"

Shamila akashusha sauti: "Mama mdogo."

"Mama mdogo yupi? Ndugu zangu wote hawana simu ya maana."

"Wa Igalula, mama. Aliiweka kwenye stetasi siku ya arobaini. Nikakipiga picha kioo, eda ilipokwisha nikakutumia. Nilijua ukijua ni yake hutaitazama."

Bi Tatu aliishusha simu. Kumbe kule kucheka, kule kutazama moja kwa moja, kule kwa moyo wote, kulikuwa kunamtazama yule wa relini. Mumewe aliyewakimbia watu wote na kamera zao alikuwa amekaa kimya kwenye mkeka, katika ua wa nyumba ya Bi Tatu, siku ya harusi ya mtoto wa Bi Tatu, akamchekea mke mwenza. Aliona wivu, wala hatuna haja ya kuupaka rangi. Aliona wivu wa kijana, uzeeni, juu ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Angeweza kuacha. Siku kadhaa aliacha. Lakini kila akifumba macho alimjia bwana wa Sabiri na meno yake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Bi Tatu aliona aibu ya kwenda Igalula ni nyepesi kuliko ya kumsahau Adinani. Akachukua barua, akachukua chupa ya asali iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu hata kama ni nyumba hiyo, akapanda gari.

Nyamizi alikuwa anapepeta mchele uani. Alimwona mgeni, ungo ukasimama hewani. Hata harusini Bi Tatu alikuwa amekataa kumtazama, na sasa aliona kwamba hakuwa mzuri kama alivyokuwa amemtengeneza kichwani miaka yote. Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye miguu ya shamba.

"Shikamoo, dada," alisema Nyamizi.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu." Alimletea kigoda, akabaki amesimama. "Kama umekuja kwa habari ya shamba, wazee walikwisha kugawa. Karatasi iko kwa mwenyekiti."

"Sikuja kwa shamba."

"Kama ni baiskeli yake, iliharibika."

"Wala baiskeli." Bi Tatu akamkabidhi chupa. "Asali."

Nyamizi aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kamili, akaingia nayo jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Bi Tatu alimwona akichovya njiti, akiipangusa, akiikwaruza. Iliwaka. Nyamizi akarudi uso umelegea kidogo.

"Samahani dada. Wauza asali wa mjini..."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Marehemu. Alisema mke mkubwa hufanya hivi."

Bi Tatu alikuwa amezoea kuwashuku watu. Kushukiwa kwa njia yake mwenyewe kulikuwa kugeni. Akavuta pumzi, akasema lile lililomleta, haraka, kama anayemeza dawa. "Nimekuja kuomba picha. Ile uliyompiga harusini. Nina barua ya fundi, anasema iliyonifikia ni kivuli, yenyewe imo simuni mwako."

"Simu haitoki hapa," alisema Nyamizi, akaishika kifuani. "Simu hii ikitoka sitaiona tena."

"Haitoki. Soma mwenyewe."

Nyamizi aliisoma barua mdomo ukitembea. Alipofika kwenye dumu la asali alicheka kwa pua, akamtazama mwenzake upesi kuona kama amekosea. Kisha akakaa, akaifungua simu. Kioo chake kilikuwa na ufa wa kona hadi kona. Akaitafuta picha, akaivuta kwa vidole.

Haikuvunjika. Aliivuta na ikazidi kuja, kofia ikaja, tundu zake zikaja moja moja na uzi wake, na pale pembeni mahali Bi Tatu alipokosea mshono akaona uvivu kuufumua. Likaja jicho la kushoto lenye usingizi. Likaja jino. Bi Tatu aliweka kidole juu ya jino lile, juu ya ufa wa kioo, na akalia bila kujificha. Nyamizi naye akalia, upande wake wa simu.

"Ulimfanyaje asigeuke?" aliuliza Bi Tatu mwishowe. Ndilo swali lililomtoa Tabora, zaidi ya picha.

Nyamizi alijipangusa. "Nilimwambia, ukigeuka leo nitasema mbele ya wakwe habari ya nyuki."

"Nyuki gani?"

Nyamizi alijua amekwisha kukanyaga pabaya. "Zamani. Alikuwa amekufuatia asali yako huko msituni, akajifanya anajua kurina. Nyuki wakamfukuza mpaka kwenye jaruba la mpunga la baba yangu, akajitosa na kanzu yake, akabaki pua tu. Mimi ndiye niliyemtoa. Uso ulivimba, huoni jicho. Ndivyo tulivyojuana."

Bi Tatu alihesabu nyuma. Aliikumbuka siku hiyo. Aliukumbuka uso ule vizuri kuliko nyuso zote. Alikuwa amemkanda kwa maji ya chumvi usiku kucha. "Aliniambia ni jino," alisema. "Jino! Nikamchemshia mizizi. Akainywa yote."

"Alinihadithia hiyo mizizi," alisema Nyamizi taratibu. "Alisema ilikuwa chungu mpaka akatamani nyuki."

Hapo wote wawili walishindwa. Walicheka mpaka kuku wakatawanyika, na katikati ya kicheko Bi Tatu alihisi hasira imekaa palepale pembeni, nzima, haijaenda popote. Ila haikuwa na haraka.

Walibonyeza alama ya pini pamoja. Nyamizi alitaka kubonyeza picha, Bi Tatu akampiga kofi dogo la mkono: "Hati! Amesema hati!" Ikaenda kwa bando la Nyamizi, polepole, mshale ukizunguka. Baadaye simu ya Bi Tatu ikalia. "Imefika, mama," alisema Silasi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Elfu nne kwa elfu tatu. Nampeleka Mwanza akachapwe, atarudi na basi. Nichape moja au mbili?"

Bi Tatu akamtazama mwenzake. Nyamizi alitikisa kichwa. "Mimi karatasi sihitaji," alisema. "Mimi nilikuwepo."

Hakusema kwa ubaya. Ila Bi Tatu alirudi nalo neno hilo njia nzima hadi Tabora, likimchoma kama mwiba wa samaki.

Picha ilipokuja, Silasi aliileta mwenyewe, akaitia ndani ya fremu kwa mkono wake, akalitoa bango la yule bwana likaenda kufunikia kuni. Ukikaribia sana uliona chembechembe kidogo, na Silasi alikiri mwenyewe kabla hajaulizwa. Ukirudi nyuma hatua chache, Mzee Adinani alikuwa sebuleni. Bi Tatu alivaa miwani, akakagua jino, akakagua jicho, akautafuta mshono aliokosea mpaka akaupata. Ndipo akampa Silasi kiti na kikombe cha chai.

Mgeni alipoondoka alifunga mlango, akarudi akasimama mbele ya fremu. Aliujua ukweli: kicheko kile kilikuwa cha mtu mwingine, aliyesimama na simu mahali hasa aliposimama yeye sasa. Akasogea kushoto, kisha kulia. Ile sehemu ya katikati, mbele kabisa, ndipo macho ya mzee yalipokaza. Akarudi hapo katikati. Nyamizi alikuwepo siku moja. Na hapa atakuwepo nani kila siku?

Khanga ilikuwa imemteleza begani, nywele wazi. Hakuivuta.

"Jino, eh?" alimwambia.